Paka Rangi: Kutafsiri Kichekesho Kilichoshikwa na Picha

(Maneno haya niliyasema mbele ya wafasiri wenzangu, nyuma yangu pakiwa na skrini. Katika maandishi skrini haipo, kwa hiyo kila picha nimeieleza kwa maneno. Kazi hiyo ya kueleza ilinitoa jasho kuliko hotuba yenyewe, na sababu yake mtaiona mwishoni.)

Ndugu zangu, wafasiri kwa wasio wafasiri, habari zenu. Nashukuru kwa nafasi hii, na nawaomba radhi mapema: leo nitaeleza vichekesho, na kichekesho kikielezwa hufa. Nitakuwa nikiviua hapa mbele yenu kimoja baada ya kingine. Vumilieni.

Tazameni picha ya kwanza. Ni mchoro, hakuna mnyama aliyesumbuliwa. Kuna ukuta wa saruji, mkavu, haujaguswa. Chini yake kopo la rangi liko wazi na brashi imelazwa juu ya mdomo wa kopo. Pembeni amelala paka, usingizi mzito, na paka huyo ni wa buluu kuanzia shingoni hadi mkiani. Kazi yenyewe imefanywa ovyo: hapa na pale madoa ya manyoya meupe yanachungulia. Juu ya picha pameandikwa: "Maelekezo ya fundi yalikuwa mafupi." Chini pameandikwa: "PAKA RANGI."

Mmecheka. Ahsanteni. Sasa naomba mmoja wenu asimame anifasirie mimu hii kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha yoyote anayoijua.

Naona mnatazamana.

Kimya hicho ndicho kilichonileta hapa. Miaka kadhaa iliyopita mteja mmoja aliniletea rundo la mimu za Kiswahili akitaka zipelekwe Kiingereza, na hii ilikuwa miongoni mwake. Nilikuwa mgeni kazini na mwaminifu kupita kiasi. Niliandika tafsiri ya maneno yaliyokuwapo, "weka rangi", kisha chini yake nikaongeza mstari mdogo wa kueleza kwamba katika Kiswahili kitenzi hicho kinafanana na jina la mnyama. Mteja akanirudishia na swali moja tu: "Kwa nini hapo chini kuna kamusi?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa msomaji habari kwamba mahali fulani, kwa watu fulani, kitu fulani kinachekesha.

Tuanze na swali la fundi kabla ya swali la mfasiri: kichekesho kimekaa wapi? Mimu ina vitu viwili, picha na maneno, na watu wengi hudhani mzaha umo katika kimojawapo. Kuna jaribio rahisi ambalo nalifanya kila mara kabla sijagusa kalamu. Nafunika picha kwa kiganja na kusoma maneno peke yake. Kisha nafunika maneno na kuitazama picha peke yake.

Nikifunika picha nikaendelea kucheka, basi picha ni pambo. Natafsiri maneno kama ninavyotafsiri utani wowote, na mara nyingi ningeweza hata kubadilisha picha bila mtu kulalamika. Nikifunika maneno nikaendelea kucheka, basi maneno ndiyo pambo, na nina bahati, kwa sababu karibu sina kazi. Shida ni pale ninapofunika kimoja na kingine kikanyamaza. Funikeni paka. Yanabaki maneno "Paka rangi", ambayo ni agizo la kawaida kabisa. Funikeni maneno. Anabaki paka wa buluu, kitu cha ajabu, lakini ajabu isiyo na sababu. Hapo kichekesho hakimo katika picha wala katika maneno. Kimo katika kugongana kwao.

Mfaransa Roland Barthes aliligusa jambo hili mwaka 1964 alipokuwa akichambua tangazo la biashara. Alisema maneno yaliyo pembeni ya picha yana kazi mbili. Wakati mwingine yanaitia picha nanga: picha ina maana nyingi zinazoelea, na maneno yanaifunga kwenye moja. Wakati mwingine yanapokezana na picha, kila upande ukibeba kipande ambacho mwenzake hana. Huo mfano wa nanga naupenda, lakini kwa mimu za aina ya paka wetu naona kazi inakwenda kinyume. Maneno hayaifungi picha. Picha ndiyo inayoyafungua maneno. Agizo "paka rangi" lilikuwa limetulia na maana moja, picha ikaja kuling'oa nanga, likaelea kwenye maana mbili kwa pamoja.

Na hapa ndipo mfasiri anapobanwa. Katika utani wa maneno matupu, neno likikataa kuhama naweza kuhamisha kila kitu: nambadilisha mnyama, nambadilisha fundi, napata mchezo mwingine wa maneno wenye ladha ileile. Kwenye mimu siwezi. Paka yupo pale, wa buluu, hatoki. Picha ni shahidi asiyebadilisha ushahidi wake, na lolote nitakalolisema lazima likubaliane naye.

Basi nilichojifunza, baada ya aibu ile ya kamusi, ni kugeuza swali. Siulizi tena, "Maneno haya yanasemwaje kwa lugha ile?" Nauliza, "Lugha ile ina neno gani la kwake linaloweza kugongana na picha hii?" Naiacha kabisa sentensi ya Kiswahili, naikabili picha kama mtu anayeiona mara ya kwanza, na naandika orodha ya vyote vinavyoonekana. Vyote, hata visivyohusika. Paka. Rangi. Buluu. Kopo. Brashi. Ukuta usioguswa. Usingizi. Manyoya. Madoa. Mkia. Kisha kwa kila kitu naandika maneno na misemo ya lugha ninayoiendea ambayo ina maana mbili, na moja ya maana hizo iwe ndani ya picha.

Kwa Kiingereza, kwenye "paka" sikupata kitu. Kwenye "buluu" nilipata: kwa Waingereza buluu pia ni huzuni. Ningeweza kuandika kwamba paka ana huzuni leo. Ingechekesha kidogo, lakini fundi angepotea, na ukuta usioguswa ungebaki hauna kazi. Nikaendelea. Nilipofika kwenye "manyoya" nikapiga meza. Kiingereza kina neno moja kwa koti analovaa mtu, kwa manyoya yaliyomfunika mnyama, na kwa tabaka la rangi linalopakwa ukutani. Neno moja, vitu vitatu, na viwili kati ya hivyo vimo ndani ya picha! Kumbukeni na madoa yale meupe, dalili kwamba rangi haijakolea. Tafsiri ikawa kitu hiki, nikikirudisha kwa Kiswahili: "Fundi anasema bado inahitaji koti la pili."

Kwa Kiswahili hakichekeshi, najua. Huko kinachekesha, na mteja hakuniuliza tena habari za kamusi.

Angalieni nini kimehama na nini kimebaki. Mchezo wa neno umehama kutoka kwenye jina la mnyama na kitenzi, umekwenda kwenye manyoya na tabaka. Maneno yote ya mwanzo yametupwa, hakuna hata moja lililosalia. Lakini fundi bado yupo na bado ni yeye tunayemcheka. Kazi bado imefanywa mahali pasipostahili, na anayeizungumzia anaizungumzia kwa uzito wa kazi halali. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa kichekesho. Salvatore Attardo na Victor Raskin, katika nadharia yao ya mwaka 1991, waliupanga utani kwa ngazi sita. Ya chini kabisa ni maneno yenyewe, ya juu kabisa ni mgongano wa picha mbili za mawazo zinazopingana, na katikati kuna mambo kama anayechekwa na hali anayojikuta ndani yake. Attardo baadaye alitoa ushauri kwa wafasiri ambao mimi naufuata: ukilazimika kutupa kitu, anza kutupa kutoka chini. Mfasiri mchanga hufanya kinyume. Hung'ang'ania maneno, ngazi ya chini kabisa, na ya juu yakimponyoka hana habari.

Kifaransa nacho nilikijaribu kwa udadisi wangu tu, hakuna aliyenilipa. Huko neno la tabaka la rangi lina shina moja na kitenzi cha kulala, na umbo mojawapo la kitenzi hicho hutamkwa sawasawa na neno lenyewe. Kwa hiyo pale Mwingereza aliposhika manyoya, Mfaransa anaweza kushika usingizi wa paka. Nilitunga kitu kuhusu tabaka la kwanza lililokwisha kulala. Ni hafifu kidogo, nakiri, kwa sababu msomaji anahitaji nusu sekunde ya ziada, na mimu haina nusu sekunde ya kumpa mtu. Ila nauleta mfano huu kwa sababu unaonyesha kitu kizuri: picha moja, lugha tatu, na kila lugha imeshika mguu tofauti wa paka yuleyule. Sisi tumeshika jina lake, Waingereza ngozi yake, Wafaransa usingizi wake.

Sasa tugeuze njia, tuje nyumbani kwa lugha yetu. Picha ya pili ni picha halisi, si mchoro. Paka mwingine, samahani, wapenda mimu na paka hawaachani. Ameketi mezani mbele ya kompyuta, mguu wake wa mbele umelalia kile kifaa cha kuongozea mshale wa kompyuta, na uso wake una majivuno ya mshindi. Maneno ya asili, kwa Kiingereza, yanasema kwamba hatimaye amemkamata.

Mfasiri akiiona hii hupumua, na pengine hupumua mapema mno. Kifaa kile kwa Kiingereza huitwa panya. Wafaransa, Wahispania na Wajerumani nao wakaamua kukiita panya kwa maneno yao wenyewe, kwa hiyo kwao mzaha unavuka mpaka bila kukaguliwa. Waitalia walichukua neno la Kiingereza jinsi lilivyo, na kwao neno hilo ni kifaa tu, halina mkia. Kireno ndicho cha kushangaza: Ureno wanakiita panya kwa Kireno, Brazili wanatumia neno la Kiingereza. Lugha moja, kitabu kimoja cha sarufi, lakini mzaha uko hai upande mmoja wa bahari na umekufa upande wa pili.

Na sisi? Sisi tuko kama Wareno, isipokuwa bahari yetu imepita katikati ya kila chumba. Kwenye vitabu na kwenye programu zilizofasiriwa tunaandika "kipanya". Mdomoni wengi tunasema "mausi". Ukiandika "Hatimaye nimekikamata kipanya", msomaji wako ataelewa, hakuna shaka. Lakini atapitia njia ndefu: anaona kifaa, kichwani mwake kinaitwa mausi, anasoma kipanya, anakumbuka kwamba ndilo jina lake rasmi, ndipo anafika kwa panya. Akifika huko kicheko kimeshaondoka.

Hii ndiyo alama ninayoitumia kujua kwamba tafsiri ya mimu imeshindwa: mtu anasema "Aaa, nimeelewa." Anayecheka hasemi ameelewa. Ukimwonyesha mtu mmoja akasema hivyo, rudi mezani, hata kama kila neno ni sahihi.

Nilirudi mezani. Nikaorodhesha vilivyo kwenye picha, nikatafuta Kiswahili kina nini chake kinachoweza kumleta panya akilini bila kupitia jina la kifaa. Jibu lilikuwa limekaa kwenye ulimi wa kila mmoja wetu. Nikaandika juu ya picha: "Wanasema paka akiondoka, panya hutawala." Na chini, karibu na mguu wake: "Ndiyo maana siondoki."

Naona huyu ndugu wa mstari wa mbele amecheka kabla hajafikiri. Safi. Methali imefanya kazi ambayo neno la kifaa lilishindwa kuifanya: imemwingiza panya chumbani, hai, kwa neno ambalo halihitaji kukumbukwa, na jicho likishuka kwenye mguu wa paka linakuta amebanwa. Hata anayesema mausi anafika, kwa sababu sasa haendi kutoka mausi kwenda kipanya. Anatoka kwa panya wa methali anayemtafuta kwenye picha. Na tumepata ziada ambayo asili haikuwa nayo, yaani sababu ya paka kutobanduka mezani pa mtu anayetaka kufanya kazi. Kila aliyefuga paka anaijua tabia hiyo.

Mtaniuliza kama huo bado ni utafsiri au nimeshatunga kichekesho changu. Mimi naona ni utafsiri maadamu picha ni ileile, anayejisifu ni yuleyule, na kinachogongana ni vilevile viwili, panya wa kweli na panya wa mezani. Ningegeuza utani ukawa wa paka anayechelewesha kazi tu, bila panya, hapo ningekuwa nimetunga. Wapo wenzangu watakaokataa, nao tutaonana wakati wa chai.

Kuna aina nyingine ya mimu ambayo watu huiona rahisi, nami niliiona rahisi kwa muda mrefu. Ni zile ambazo picha ni moja kwa dunia nzima na watu hubadilisha vibandiko tu. Mnamjua kijana anayetembea na mpenzi wake huku amegeuza shingo kumtazama mwanamke mwingine aliyepita. Ilipigwa mwaka 2015 na mpigapicha Mhispania Antonio Guillem, mjini Girona, ikiwa picha ya kuuza kwa yeyote atakayeihitaji, na mwaka 2017 ikaenea kila mahali. Vibandiko vitatu: juu ya kijana "Mimi", juu ya mpenzi wake "Kazi ya kukabidhi kesho", juu ya yule mwanamke "Wazo jipya saa sita usiku". Hapa kutafsiri ni kubadilisha nomino tatu. Nani atashindwa?

Jicho ndilo linalotushinda. Katika picha hiyo yule mwanamke anayepita yuko kushoto, kijana yuko katikati, na mpenzi aliyekasirika yuko kulia. Sisi tunasoma kutoka kushoto, kwa hiyo kibandiko cha kwanza kukutana nacho ni kishawishi, na cha mwisho ni kile kinachoachwa. Msomaji wa Kiarabu anaanzia kulia: kwanza anaona wajibu, kisha anaona mtu, mwishoni kishawishi. Kwa utani wangu wa kazi na wazo jipya, yeye anapata mpangilio bora kuliko mimi, kwa sababu kwake kituko kinakuja mwisho. (Mababu waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wangeisoma picha hii vizuri kuliko sisi.) Mtu anaweza kufikiria kuigeuza picha kama kwenye kioo. Inawezekana kama hakuna maandishi ndani yake, wala saa, wala mtu anayeandika kwa mkono wa kulia. Ila picha inayojulikana namna hii ikigeuzwa, msomaji huhisi kuna kitu kimekosewa hata kama hawezi kukitaja, na badala ya kucheka anachunguza.

Njia ninayoifuata kwa Kiswahili ni kuuhamisha uzito badala ya kuihamisha picha. Kwa kuwa kishawishi kinasomwa kwanza, nakifanya kiwe kifupi na cha kawaida, na kituko nakipeleka kulia, kwenye kibandiko cha mpenzi: kushoto "Usingizi", katikati "Mimi", kulia "Hotuba ya saa mbili asubuhi ambayo sijaiandika". Mnacheka kana kwamba mnafahamu kilichotokea jana usiku.

Jambo moja zaidi kabla sijafika mwisho, nalo ni la mbwa. Kuna picha ya mbwa wa Kijapani aliyeitwa Kabosu, aliyepigwa picha mwaka 2010, akiwa amekaa kwenye kochi na kutazama kwa pembe ya jicho. Mwaka 2013 picha yake ilienea ikiwa imezungukwa na maneno machache ya rangirangi, kana kwamba ndiyo mawazo ya mbwa mwenyewe, kwa Kiingereza kilichovunjika makusudi: vielezi vimewekwa pasipo pake, vivumishi vimelazimishwa kukaa na maneno yasiyoelewana navyo. Uso ule wa mashaka na sarufi ile mbovu ni kitu kimoja. Ukitafsiri kwa Kiswahili sanifu, "Inashangaza sana, ni nzuri mno", mbwa anageuka mwalimu.

Kiingereza kilivunjika kwenye mpangilio wa maneno. Kiswahili kina mahali pake pa kuvunjikia, na kila mmoja wetu anapajua tangu utotoni: ngeli. "Kochi mzuri. Binadamu kingi. Ajabu wawili." Huo ndio Kiswahili cha mbwa. Lakini kuna hatari, nami niliingia humo. Nilivunja ngeli mara moja tu katika mimu nzima, mahali pamoja, kwa staha. Mhariri akanisahihisha, akaniandikia pembeni, "Angalia upatanisho wa sarufi." Kosa moja ni kosa. Makosa matatu mfululizo, kila moja wazi kuliko lililotangulia, ndiyo mzaha. Ukiamua kuvunja, vunja mpaka msomaji ajue kwamba aliyeshika nyundo alikuwa na akili timamu.

Nilipotoa sehemu kubwa ya maneno haya kwa mara ya kwanza, katika mkutano mdogo kuliko huu, msikilizaji mmoja asiyeona alinifuata baada ya kumaliza. Alisema hotuba ilikuwa nzuri, ila pale kwenye paka wa buluu ukumbi mzima ulicheka akabaki anasubiri. Nikamwomba radhi, nikamweleza picha: kuna ukuta, kuna kopo, kuna paka amelala, amepakwa rangi ya buluu, na maandishi yanasema "Paka rangi".

Akatabasamu kwa adabu. Akasema, "Aaa, nimeelewa."

Nilijua maana ya maneno hayo. Nikamwuliza nimekosea wapi, akanifundisha kitu ambacho sikuwa nimekiona, nami naona. Watu kama yeye husikiliza mimu kupitia programu inayowasomea skrini kwa sauti, na programu inasoma maelezo ya picha kama mtu alivyoyaandika. Wengi huandika "Picha ya paka", basi. Wengine huandika maelezo marefu yanayofichua kila kitu. Mimi nilikuwa nimefanya kosa la tatu. Mtu anayeona humwona paka kwa jicho, kimyakimya. Neno "paka" bado halijasemwa. Anapolisoma kwenye maandishi, linaingia kama kitenzi kwa kuwa limefuatwa na rangi, kisha linampinduka. Mimi nilikuwa nimelitamka neno lenyewe sekunde tatu kabla, kwa maana ya mnyama, na nikaongeza "amepakwa" juu yake. Agizo lilipofika, maana zote mbili zilikuwa zimeshamkalia sikioni. Hakukuwa na kitu cha kupinduka.

Kwa hiyo kumweleza picha ni kutafsiri pia, ndani ya lugha ileile, na sheria ni ileile: mgongano kwanza, maneno baadaye. Roman Jakobson mwaka 1959 alizitaja aina tatu za tafsiri, na ya tatu ni hii ya kuhama kutoka mfumo mmoja wa ishara kwenda mwingine. Niliisoma nikiwa mwanafunzi, nikafaulu mtihani, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itanikuta ukumbini nikiwa na paka mkononi.

Tulikaa pale na kuijenga upya, yeye akisikiliza, mimi nikijaribu. Tulianza kwa kumwita "mnyama mwenye masharubu", ikawa kitendawili, akaikataa. Tukaweka maandishi mwanzo na picha mwisho, ikawa nzuri kidogo. Kisha akaniambia nitoe kila neno linalotokana na kupaka, na jina la mnyama nilichelewesha mpaka pasiwe na neno lingine baada yake isipokuwa rangi yake. Tuliyoafikiana ndiyo ninayoiandika sasa kila picha ile inaponipitia mikononi, na ndiyo aliyoicheka:

"Maandishi: Maelekezo ya fundi yalikuwa mafupi. Paka rangi. Picha: ukuta mkavu, haujaguswa. Kopo liko wazi, brashi imelowa. Pembeni kuna paka. Wa buluu."